Begi Halikutokea Kwenye Mkanda: Karatasi za Kukusanya Kabla Hujatoka Uwanjani

Umeshuka, umegongewa muhuri wa pasipoti, umesimama kando ya mkanda wa mizigo. Mabegi ya wenzako yanapita, yanachukuliwa moja moja. Watu wanapungua. Mwisho mkanda unasimama na wewe bado umekodoa macho.

Umechoka, ni usiku, na nje kuna mtu amekuja kukupokea. Kishawishi ni kusema, "Wacha nitoke, kesho nitapiga simu." Ukifanya hivyo, huenda tayari umeshapoteza dai lako la bima, hata kama ulilipa kila senti. Bima ya safari hailipi kwa sababu begi limepotea tu. Inalipa ukionyesha kwamba lilipotea mikononi mwa shirika la ndege, na karatasi inayoonyesha hivyo hutolewa ndani ya ukumbi ule ule unaotaka kuukimbia.

Tuchukue mfano tuufuate mwanzo hadi mwisho. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko Likoni. Anasafiri kutoka Mombasa kwenda Maskati, Omani, kwa harusi ya mdogo wake. Anapitia Nairobi, kisha Doha. Tiketi ni moja na begi lake limeandikiwa Maskati moja kwa moja. Anafika Ijumaa tarehe 4, saa tano usiku. Harusi ni Jumapili. Begi halipo.

Kabla ya safari: je, bima yako ina mzigo ndani yake?

Watu wengi hununua bima ya safari kwa sababu ubalozi umeitaka. Kwa mfano, viza ya Shengeni hudai bima ya angalau yuro 30,000, lakini hiyo ni ya matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Haidai chochote kuhusu begi wala ndege kuchelewa. Kwa hiyo ukichagua ile ya bei ya chini kabisa ili viza ipite, inawezekana kabisa huna bima ya mzigo, na huwezi kulaumu kampuni baadaye.

Fungua jedwali la mafao kwenye mkataba wako na utafute vitu vitatu, kwa sababu ni vitu tofauti. Cha kwanza ni ndege kuchelewa. Cha pili ni mzigo kuchelewa, yaani begi linakuja lakini si leo. Cha tatu ni mzigo kupotea kabisa au kuharibika. Kila kimoja kina kiwango chake cha juu na masharti yake, na karatasi za kimoja hazitoshi kwa kingine.

Bima ya mwalimu wetu, tuseme, inalipa mzigo ukichelewa zaidi ya saa 6, hadi shilingi 20,000. Mzigo ukipotea inalipa hadi shilingi 100,000. Kumbuka hizi ni namba za mfano wetu. Zako ziko kwenye mkataba wako, na saa za kusubiri hutofautiana sana kati ya bima moja na nyingine.

Usitoke ukumbini bila PIR

Mwalimu anaenda kwenye kaunta ya mizigo ya shirika lililomfikisha Maskati. Hapo ndipo mahali sahihi hata kama alianza safari na shirika jingine. Shirika la mwisho ndilo linalopokea taarifa ya begi lililokosekana.

Ofisa pale kaunta anajua Kiswahili, kama walivyo wengi Maskati. Anamwambia kwa upole, "Bibie, begi litakuja na ndege ya kesho inshallah. Nenda kapumzike."

"Ahsante baba," mwalimu anamjibu, "lakini niandikie kwanza. Nikishapata karatasi nitalala vizuri."

Karatasi hiyo inaitwa PIR. Ni ripoti rasmi ya shirika kwamba begi lako halikufika, au limefika likiwa limeharibika. Ina namba ya herufi 5 na tarakimu 5, kwa mfano MCTXX12345. Herufi 3 za mwanzo ni za uwanja wa ndege, 2 zinazofuata ni za shirika, na zilizobaki ni za faili lako. Kwa namba hiyo unaweza kulifuatilia begi mtandaoni, na ndiyo namba ambayo kampuni ya bima itaitafuta kabla ya kusoma kitu kingine.

Kabla hajaondoka, mwalimu anakagua mambo manne kwenye ripoti: jina lake limeandikwa kama kwenye pasipoti, namba ya begi ni ile iliyo kwenye stika yake, rangi na aina ya begi ni sahihi, na anwani ya Maskati ipo pamoja na namba ya simu itakayopatikana akiwa huko. Kama ungeacha laini yako ya Kenya pekee nayo imezimwa, watakutafuta wakukose.

Ile stika ndogo uliyobandikiwa nyuma ya bodingi pasi au tiketi wakati wa kukabidhi begi ndiyo stakabadhi ya mzigo wako. Ina namba ya tarakimu 10. Ndicho kitu kinachothibitisha kwamba begi lilipokelewa na shirika. Watu huibandua wakaitupa kwenye pipa la taka. Ipige picha pale pale kaunta ya kuondokea, pamoja na bodingi pasi, na upige picha begi lenyewe, nje na ndani likiwa wazi. Dakika moja tu, ila picha hizo zitaongea kwa niaba yako baadaye.

Ikiwa begi limefika lakini limepasuka au limefunguliwa, utaratibu ni huo huo. Nenda kaunta kabla hujatoka. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imeukubali, malalamiko ya mzigo ulioharibika lazima yafike kwa shirika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipoupokea. Ukikuta laptopu imevunjika siku ya kumi, umechelewa.

Begi likichelewa: nunua unachohitaji, weka risiti

Jumamosi asubuhi begi bado halijafika. Saa 6 zimepita, kwa hiyo fao la mzigo kuchelewa limefunguka. Mwalimu anaenda sokoni kununua buibui moja, viatu, nguo za ndani, sabuni na dawa ya meno. Jumla ni riali 38 za Omani, takriban shilingi 12,700.

Fao hili halikupi pesa za kufarijika. Linakurudishia gharama za lazima ulizoingia kwa sababu begi halipo. Kwa hiyo maswali ambayo kampuni itajiuliza ni mawili: je, kitu hiki kilihitajika, na je, kilinunuliwa baada ya saa za kusubiri kupita lakini kabla ya begi kufika? Buibui la kuendea harusi ya kesho linaeleweka. Manukato ya kupelekea mashoga nyumbani hayaeleweki. Na ukinunua nguo Jumatatu ilhali begi lililetwa Jumapili jioni, risiti hiyo itakatwa.

Tarehe na saa kwenye risiti basi ni muhimu kama kiasi chenyewe. Risiti za karatasi ya joto, zile za mashine, hufifia haraka. Zipige picha siku hiyo hiyo. Muuzaji akiwa hana mashine, mwombe aandike kwa mkono jina la duka, tarehe, vitu na bei, kisha apige muhuri.

Begi likifika, omba karatasi inayoonyesha tarehe na saa ulipokabidhiwa. Bila hiyo hakuna wa kujua lilichelewa saa ngapi. Na ikiwa unataka kudai shirika lenyewe kwa ucheleweshaji huo, Mkataba wa Montreal unakupa siku 21 tangu siku uliyolipokea, tena kwa maandishi. Kulalamika kwa mdomo kaunta hakuhesabiki.

Jambo moja linalowashtua wengi: fao la mzigo kuchelewa mara nyingi halifanyi kazi unaporudi nyumbani. Ukitua Moi au JKIA bila begi, kampuni itasema nguo nyingine ziko kabatini kwako. Soma sehemu hiyo kabla hujakimbilia dukani.

Siku ya 21: begi linahesabiwa limepotea

Harusi imepita, mwalimu amerudi Likoni, begi bado. Kisheria, begi lisipofika ndani ya siku 21 tangu siku lilipotakiwa kufika, abiria anaweza kulidai kama lililopotea. Shirika likikiri mapema kwamba limepotea, huna haja ya kungoja. Kwa mwalimu wetu, siku hizo zinaisha tarehe 25.

Lakini usisubiri siku ya 21 ndipo uiambie kampuni ya bima. Mikataba huweka muda wake wa kutoa taarifa, na huhesabiwa tangu tukio, si tangu begi litangazwe limepotea. Mwalimu aliwaandikia barua pepe Jumamosi ile ile akiwa bado Maskati, akaweka picha ya PIR na kusema, "Begi halijafika, nitawaletea vielelezo zaidi." Barua ya mistari mitatu, na muda wake ukawa salama.

Sasa anahitaji barua mbili kutoka kwa shirika la ndege. Moja inathibitisha kwamba begi halikupatikana. Nyingine inaeleza shirika limemlipa kiasi gani, au limekataa. Kampuni ya bima huidai hii ya pili kwa sababu hulipa pengo linalobaki tu. Chini ya Mkataba wa Montreal, tangu tarehe 28 Desemba 2024, shirika huwajibika kwa mzigo hadi SDR 1,519 kwa abiria. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni takriban dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kikomo, si zawadi. Utalipwa hasara uliyoonyesha, na si zaidi.

Orodha ya vitu na shida ya ujumbe wa malipo

Hapa ndipo madai mengi hukwama. Fomu inataka orodha ya vilivyokuwemo, lini ulivinunua, kwa bei gani, na uthibitisho. Nani ana risiti ya viatu vya mwaka juzi?

Kama ulilipa kwa simu, una nusu ya jibu. Ujumbe wa malipo unaonyesha jina la duka, kiasi, tarehe na namba ya muamala. Hata kama uliufuta, unaweza kuomba taarifa ya miamala ya miezi iliyopita. Lakini ujumbe una upungufu mmoja: hausemi ulinunua nini. Shilingi 6,400 kwa duka la Mtaa wa Biashara, Mombasa, zinaweza kuwa khanga, na zinaweza kuwa mapazia.

Mwalimu alirudi kwa muuzaji wake wa khanga akiwa na ujumbe huo, akaomba aandikiwe risiti yenye kutaja khanga doti ngapi na namba ile ile ya muamala. Karatasi hizo mbili zikikaa pamoja, kampuni haina la kuuliza. Kwa vitu vya zamani alitoa picha za harusi ya mwaka uliopita akiwa amevaa viatu vile vile. Picha haithibitishi bei, lakini inathibitisha kwamba kitu kilikuwepo.

Angalizo dogo kuhusu taarifa ya miamala: kwa kawaida huja kama PDF iliyofungwa kwa neno la siri. Ukiituma hivyo hivyo, ofisa wa madai hawezi kuifungua, na faili lako litakaa. Ifungue, chapisha kurasa zenye miamala husika tu, weka alama kwenye mistari unayotegemea, ndipo utume. Huna haja ya kumwonyesha mtu matumizi yako ya mwaka mzima.

Hesabu ilivyokwenda

Mwalimu aliorodhesha vitu vya shilingi 96,000. Ndani yake kulikuwa na hereni za dhahabu za shilingi 18,000. Hizo zilikatwa zote. Mikataba mingi hailipi dhahabu, pesa taslimu, simu, kamera na hati zikiwa ndani ya begi ulilolikabidhi. Vitu hivyo vinatakiwa kuwa mkononi mwako. Zikabaki 78,000.

Kisha uchakavu. Nguo na viatu vilivyokwishavaliwa havilipwi bei ya mpya, na hapo zilipungua 12,000. Hasara iliyokubaliwa ikawa 66,000. Shirika la ndege lilikuwa limelipa 40,000. Kampuni ya bima ilikuwa imeshamrudishia 12,700 za vitu alivyonunua Maskati, na mkataba wake unasema fao la kuchelewa hutolewa kwenye fao la kupotea. Kwa hiyo malipo ya mwisho yalikuwa 13,300.

Ukiona 13,300 peke yake utadhani ameonewa. Jumlisha: 40,000 na 12,700 na 13,300 ni 66,000, sawasawa na hasara iliyokubaliwa. Bima hukurudisha ulipokuwa, haikuongezei. Ndiyo maana pia kuficha malipo ya shirika la ndege ni kosa baya. Likigundulika, dai zima linaweza kukataliwa kwa udanganyifu, si hizo 40,000 tu.

Na ndege ikichelewa?

Karatasi inayohitajika hapa ni moja hasa: barua au cheti cha shirika kinachotaja namba ya ndege, saa iliyopangwa, saa halisi, na sababu. Picha ya ubao wa uwanja wa ndege inasaidia, lakini haitoshi, kwa sababu haisemi sababu. Na sababu ndiyo inayoamua. Mkataba hutaja zinazokubalika, kwa kawaida hali mbaya ya hewa, hitilafu ya mitambo na mgomo. Barua ikiandika tu "sababu za kiutendaji", mwombe ofisa aeleze zaidi kabla hujaondoka.

Hesabu saa vizuri. Mkataba mmoja huhesabu tangu saa ya kuondoka iliyo kwenye tiketi, mwingine hutazama ulipofika. Ukichelewa saa 5 na nusu ilhali kiwango ni saa 6, hakuna kitu. Weka pia bodingi pasi, maana kampuni inataka kujua kwamba wewe ulifika kwa wakati.

Mgomo una mtego wake. Ule wa wafanyakazi wa JKIA wa tarehe 11 Septemba 2024 ulikuwa umezungumzwa hadharani tangu Agosti. Mtu aliyekata bima baada ya mgomo kutangazwa huambiwa kwamba alinunua kinga dhidi ya jambo lililokwisha kujulikana, na hilo halilipwi. Kata bima siku unayolipia tiketi, usingoje wiki ya safari.

Makosa yanayoangusha madai mara kwa mara

- Kutoka ukumbini bila PIR. Ripoti ya siku mbili baadaye inaacha swali: begi lilipotea kwa shirika au kwenye teksi?
- Kubeba bidhaa za biashara. Bima ya kawaida ya safari ni ya vitu vyako binafsi. Mashati 40 ya saizi mbalimbali hayawezi kuitwa nguo zako.
- Tiketi mbili tofauti zenye nafasi finyu katikati. Ndege ya Kisumu ikichelewa ukakosa ya kimataifa, mikataba mingi inauliza kama uliacha saa za kutosha kati yake.
- Majina yasiyolingana. Bima ina jina la pasipoti, lakini laini uliyotoa ya kupokelea malipo imesajiliwa kwa jina la mumeo au mwanao. Malipo yatasimama hadi ueleze.
- Kutuma karatasi halisi bila kubaki na nakala. Zikipotea ofisini, unaanza upya.

Dai likikataliwa

Omba sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba wanachokitegemea. "Imekataliwa" bila kifungu si jibu. Mara nyingi shida ni karatasi moja iliyokosekana, na ukiileta faili hufunguliwa tena. Kama bado hukubaliani na kampuni yako ni ya Kenya, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA. Mgogoro na shirika la ndege ni njia nyingine. Kwa safari za kimataifa zilizo chini ya Mkataba wa Montreal, una miaka 2 tangu siku ya kufika kufungua kesi, na baada ya hapo haki hiyo inakwisha.

Wakati unasubiri, ukipigiwa simu na mtu anayesema malipo yako yako tayari ila anahitaji namba yako ya siri ili ayatume, kata simu. Pesa zikiingia kwako hazihitaji namba yako ya siri. Mwalimu wetu alipokea zake kwa kutaja mambo mawili tu: namba ya dai na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake.